Jumla ilitimia, bechi zikadanganya

Asubuhi ya tarehe 19 Juni, kabla duka halijafunguliwa, ripoti ya bidhaa zinazokaribia kuisha muda ilitoa mstari mmoja tu: mtindi wa vikombe, bechi A, vimebaki vikombe 20, mwisho wa matumizi 24 Juni. Mtunza stoo akaingia chumba cha baridi avitafute na kuvisogeza mbele viuzwe haraka. Hakukuta hata kikombe kimoja cha bechi A. Alichokuta, nyuma ya rundo la katoni mpya, ni katoni 5 ambazo hazijafunguliwa, za bechi ambayo ripoti haikuitaja kabisa. Tarehe yake ilikuwa imepita jana yake. Vikombe 60.

Ripoti ilimtuma atafute mali isiyokuwepo, na ilikaa kimya kuhusu mali iliyokuwepo.

Mimi ndiye niliyewasaidia kufunga ule mfumo wa stoo, kwa hiyo simu ilikuja kwangu. "Kaka, huu mfumo wako umeharibika," mtunza stoo aliniambia. Nikamwuliza kama walikuwa wamehesabu stoo karibuni. Akasema ndiyo, tarehe 14 jioni, na hesabu ilitimia hadi kikombe cha mwisho: mfumo ulisema 340, nao wakahesabu 340. Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niende mwenyewe. Mfumo ulioharibika hauwezi kutimiza jumla kwa usahihi wa namna hiyo. Kuna kitu kilikuwa sahihi kabisa, na kitu kingine kilikuwa uongo mtupu, vyote ndani ya daftari moja.

Hapa nimeyakadiria mauzo ya mwezi mzima kuwa vikombe 20 kwa siku ili msomaji aweze kufuata. Kwa kweli mauzo yalicheza juu na chini kidogo, lakini kisa hakibadiliki.

Kilichoingia

Mzigo ulikuja mara tatu. Tarehe 2 Juni ziliingia katoni 20 za bechi A, kila katoni ina vikombe 12, jumla vikombe 240, mwisho wa matumizi 24 Juni. Tarehe 6 Juni zikaingia katoni 10 za bechi B, vikombe 120, mwisho wake 18 Juni. Tarehe 11 Juni zikaingia katoni 20 za bechi C, vikombe 240, mwisho wake 3 Julai.

Tazama bechi B. Ilifika siku nne baada ya A, lakini muda wake ulikuwa unaisha siku sita kabla ya A. Watu wengi wanaposikia hivi hudhani kuna kosa la uandishi. Hakuna kosa. Msambazaji naye ana stoo yake, naye ana katoni zilizosahaulika pembeni, na siku akizikuta huzipakia kwenye gari linalofuata. Au mzigo umetoka ghala mbili tofauti. Ukipokea bidhaa inayoharibika mara kwa mara, siku moja utapokea bechi iliyozeeka kuliko uliyonayo, na karatasi ya kupokelea mzigo haitakuwa na alama yoyote ya kukushtua.

Kilichotokea ndani ya chumba cha baridi

Vijana wa stoo walifundishwa kanuni ya kale: kilichotangulia kuingia ndicho kitangulie kutoka. Waliifuata kwa uaminifu. A iliingia kwanza, kwa hiyo waliitoa A. Kufikia jioni ya tarehe 5 vikombe 80 vya A vilikuwa vimeuzwa, vikabaki 160. B ilipofika tarehe 6 iliwekwa nyuma ya A, kama kanuni inavyotaka, nao wakaendelea na A hadi ikaisha jioni ya tarehe 13.

Katikati hapo, tarehe 11, C ilifika. Siku hiyo aliyepokea mzigo alikuwa peke yake, gari lilikuwa limewasha injini nje, na katoni 20 zikapangwa pale palipokuwa na nafasi, yaani mbele ya B. Hakuna aliyekusudia vibaya. Tarehe 14, 15 na 16 kijana anayezijua vizuri stoo alipita nyuma akatoa katoni 5 za B, vikombe 60. Tarehe 17 na 18 alikuwa mapumziko, na aliyemshikia zamu akachukua katoni zilizokuwa karibu na mkono. Zilikuwa za C. Akatoa katoni 4, vikombe 40 vikauzwa na 8 vikabaki ndani ya friji ya mauzo.

Kwa hiyo asubuhi ya tarehe 19 hali halisi ilikuwa hivi: A hakuna, B vikombe 60 vilivyoisha muda, C vikombe 200. Jumla 260.

Kilichotokea ndani ya daftari

Sasa tugeukie upande wa mfumo. Kwenye mipangilio yake palikuwa na kipengele kilichoandikwa `FEFO`, nasi tulikuwa tumekiwasha. Maana yake ni kwamba inayowahi kuisha muda ndiyo itoke kwanza, bila kujali ilifika lini. Kanuni yenyewe ni sahihi kwa bidhaa zinazoharibika. Tatizo ni jinsi inavyotekelezwa.

Keshia anapopitisha kikombe kwenye kisomeo, kinachosomwa ni msimbo pau wa tarakimu 13. Tarakimu hizo zinasema hii ni bidhaa gani ya kiwanda gani. Hazisemi bechi, wala hazisemi tarehe. Kikombe cha A na kikombe cha B vina msimbo ule ule mmoja, kwa hiyo mashine haina namna ya kuvitofautisha. Mfumo unajua tu kwamba kikombe kimoja cha mtindi kimetoka. Lakini daftari lake linatunzwa kwa bechi, na lazima ipunguzwe bechi fulani. Ipi? Mfumo unakisia. Kwa kuwa umeambiwa `FEFO`, unapunguza ile inayowahi kuisha muda.

Tangu tarehe 6, basi, kila kikombe kilichouzwa kilipunguzwa kwenye B. Siku sita, vikombe 120. Jioni ya tarehe 11 mfumo ukaandika kwamba B imekwisha, ingawa ndani ya chumba cha baridi hakuna katoni hata moja ya B iliyokuwa imeguswa. Kuanzia tarehe 12 ukahamia A, ukapunguza 20 kila siku kwa siku saba, na asubuhi ya tarehe 19 ukawa unaamini A ina vikombe 20, B sifuri, C 240. Jumla 260.

Jumla ni ile ile. Ndiyo maana hesabu ya tarehe 14 ilitimia. Siku hiyo daftari lilisema A 100, B sifuri, C 240, na chumba kilikuwa na A sifuri, B 100, C 240. Zote mbili zinafanya 340. Waliohesabu walijumlisha vikombe vyote vya mtindi na kulinganisha namba moja na namba moja, na hawakuwa na sababu ya kutilia shaka.

Ripoti ya tahadhari, ambayo ilipangwa kuonyesha kila bechi iliyobakiza siku 5 au pungufu, ilipaswa kuitaja B tangu tarehe 13. Lakini huruka bechi zenye baki sifuri, na inafanya hivyo kwa haki. Kwa macho yake B ilikuwa historia.

Hapo ndipo kiini cha kisa hiki kilipo, nami nakiri sikukiona siku nilipowasha kile kipengele. Mfumo unaopunguza bechi kwa kukisia unaandika kilichopaswa kutokea. Ukiusoma kesho yake ukidhani umeandika kilichotokea, utaona stoo inayofuata kanuni bila dosari, kila siku, mwaka mzima, kwa sababu kanuni yenyewe ndiyo iliyoandika daftari. Kadiri watu wanavyoikiuka, ndivyo tahadhari inavyozidi kunyamaza, maana bechi iliyosahaulika nyuma ndiyo ya kwanza kufutwa kwenye karatasi.

Hasara ilitoka wapi hasa

Mwenye duka alitaka kujua nani alaumiwe, yule wa zamu ya tarehe 17 au aliyepanga katoni tarehe 11. Niliona ni haki kuigawa ile 60 kabla ya kumtaja mtu.

Tuseme C ingepangwa nyuma kama inavyotakiwa, na kila mtu angefuata kanuni ya kutangulia kuingia bila kukosea. A ingeisha tarehe 13 kama ilivyoisha. B ingeanza tarehe 14 na kuuzwa siku tano hadi tarehe 18, vikombe 100. Vingebaki 20. Yaani hata kwa utii kamili, vikombe 20 vingeharibika. Hivyo 20 ni vya kanuni yenyewe. Vikombe 40 vilivyobaki ndivyo vilivyotokana na C kukaa mbele, na vinalingana sawasawa na vikombe vya C vilivyouzwa tarehe 17 na 18.

Na kama B ingetoka mara tu ilipofika? Vikombe 120 vingeisha tarehe 11. A ingerudiwa tarehe 12 na kwisha tarehe 19, siku tano kabla ya mwisho wake. Hasara ingekuwa sifuri, kwa mauzo yale yale na mzigo ule ule.

Kusahihisha daftari bila kufuta ushahidi

Hapa karibu tukosee. Mtunza stoo alikuwa tayari ameshafungua ukurasa wa kuondoa mali iliyoharibika, akaandika mtindi, vikombe 60, sababu "muda umeisha". Ukurasa ule haukumlazimisha kutaja bechi. Nilimzuia mkono.

Fikiria mfumo ungefanya nini. Ungepunguza 60 kwa kanuni ile ile: 20 kutoka A, kwa kuwa ndiyo inayowahi kuisha kwenye daftari, kisha 40 kutoka C. Matokeo yake A sifuri, B sifuri, C 200. Hiyo ndiyo hali halisi ya chumba baada ya kuondoa zile katoni 5! Daftari na rafu vingekubaliana, kila mtu angeridhika, na kumbukumbu ingesema tulitupa vikombe 20 vya bechi ambayo bado ina siku tano na vikombe 40 vya bechi ambayo bado ina wiki mbili. Ushahidi wa B ungepotea, na mwezi ujao tungerudia.

Hili halikuwa bahati. Vikombe 60 vilivyopunguzwa B kimakosa vilipaswa kupunguzwa A na C, kwa hiyo ukiondoa B yote bila kuitaja, makosa yanajifuta yenyewe. Ndiyo sababu maduka mengi hupata hasara hii mara kwa mara na bado daftari lao husafika kila baada ya kutupa.

Tulifanya kwa hatua mbili. Kwanza marekebisho ya bechi: A punguza 20, B ongeza 60, C punguza 40. Ukijumlisha unapata sifuri, na lazima iwe sifuri, kwa sababu hakuna mali iliyoingia wala kutoka. Marekebisho ya bechi yasipoleta sifuri, ujue umechanganya na wizi, uvunjikaji au kosa la kuhesabu, na hayo yaandikwe peke yake. Pili, kuondoa vikombe 60 kwa jina la bechi B. Kisha nikaufanya uwanja wa bechi uwe wa lazima kwenye ukurasa ule.

Kuhamisha mahali pa kupunguzia

Swali lililobaki ni mashine ijue vipi bechi iliyotoka. Viwanda vingine huchapa kwenye kila kifungashio msimbo wa mraba wa nukta nukta, wenye uwezo wa kubeba tarehe na bechi pamoja na namba ya bidhaa, na keshia mwenye kisomeo cha kamera huweza hata kuzuiwa asiuze kilichopita. Vikombe hivi havikuwa nao. Lakini katoni zilikuwa na msimbo pau mrefu, ambao chini yake huandikwa hivi:

```
(01)09506000134352(17)250618(10)B
```

Namba zilizo kwenye mabano ni vitambulisho. Baada ya `01` ni namba ya bidhaa, baada ya `17` ni tarehe ya mwisho kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, na baada ya `10` ni bechi. Mabano yapo kwa ajili ya macho tu, hayamo ndani ya mistari yenyewe. Bechi inaweza kuwa na herufi chache au nyingi, hadi 20, kwa hiyo mara nyingi huwekwa mwisho. Ikikaa katikati lazima ifuatwe na alama maalumu ya kuitenga. Kisomeo kisichotambua alama hiyo kitabandika bechi na kinachofuata pamoja, nawe utaona bechi zenye majina marefu ya ajabu kwenye orodha.

Kuna mtego mmoja wa tarehe ambao umeniponyoka mahali pengine. Kiwanda kinaweza kuandika siku kuwa `00`, maana yake siku ya mwisho ya mwezi huo. `250600` ni 30 Juni. Lugha kadhaa za programu zikipewa siku ya sifuri hurudi nyuma hadi mwisho wa mwezi uliotangulia, na bidhaa inaonekana kuisha 31 Mei. Ukiona bechi nzima inazimwa mwezi mmoja kabla ya wakati, angalia hapo kwanza.

Kwa kuwa katoni inajitambulisha na kikombe hakijitambulishi, tuliamua bechi ipunguzwe pale katoni inapotoka chumba cha baridi kwenda friji ya mauzo. Mlangoni tukafunga kisomeo. Anayetoa katoni anaisoma, mfumo unahamisha vikombe 12 vya bechi hiyo kutoka "stoo" kwenda "friji". Keshia anapouza, vinapunguzwa vya "friji" tu. Ukisiaji haujaondoka, bado upo ndani ya friji, ila sasa umefungiwa mahali padogo: friji ile haishiki zaidi ya katoni 3. Kosa kubwa linalowezekana ni vikombe 36, na vyote viko mbele ya macho, mtu anaweza kuvigeuza na kusoma tarehe kwa dakika mbili.

Mlangoni pia mfumo unaonyesha katoni ipi ifuate. Orodha yake ni rahisi:

```sql
SELECT bechi, ukomo, baki
FROM stoo
WHERE bidhaa = 'MTINDI' AND baki > 0
ORDER BY ukomo, tarehe_kupokea;
```

`ukomo` ni lazima uhifadhiwe kama tarehe halisi, si maandishi. Wiki ya kwanza, kabla kisomeo hakijafika, walitumia jedwali la kompyuta na kuandika tarehe kwa mkono zikahifadhiwa kama maandishi: 03/07/2025, 18/06/2025, 24/06/2025. Walipopanga kwa mfuatano, bechi C ya Julai ikapanda juu kabisa, kwa sababu maandishi hulinganishwa kuanzia kushoto na 03 ni ndogo kuliko 18. Mkiwa mmelazimika kutumia maandishi, anzeni na mwaka: 2025-06-18.

Na kijana akisoma katoni ambayo si ya kwanza kwenye orodha, skrini inamwuliza athibitishe, na jibu lake linahifadhiwa. Sikutaka imzuie kabisa. Kuna siku katoni inayotakiwa imezibwa na paleti nzito na wateja wanasubiri. Ukimzuia atajifunza kutosoma kabisa, na hapo tumerudi kwenye kukisia. Bora ukiukaji ulioandikwa.

Kipimo cha siku ya kupokea

Kupanga vizuri kunasaidia tu kama mzigo wote unaweza kuuzwa kwa wakati. Kwa hiyo tuliongeza hesabu moja inayofanyika mzigo unapofika. Duka lilikubali kutouza mtindi katika siku 3 za mwisho, ili mnunuzi naye apate muda wa kuula. Basi kwa kila bechi uliza hivi: jumla ya bechi hii na zote zinazoisha kabla yake, gawa kwa mauzo ya siku, je, zinaisha kabla ya siku ya mwisho ya kuuza?

Nilirudisha kipimo hiki kwenye mzigo wa Juni. B ilipofika tarehe 6 haikuwa na bechi inayoitangulia. Vikombe 120 ni siku 6, vinaisha tarehe 11, na siku yake ya mwisho ya kuuza ni 15. Inapita. A ikiwa nyuma yake, 280 kwa pamoja, siku 14, inaisha tarehe 19, na mwisho wake wa kuuza ni 21. Inapita. Kwa hiyo B haikuwa mzigo wa kukataa, ingawa ilikuja na siku chache. Ilihitaji tu kutangulia.

C ndiyo iliyonishangaza. Tarehe 11 asubuhi, hata kama kila kitu kingekwenda sawa, kungekuwa na vikombe 20 vya B, 160 vya A na 240 vya C, jumla 420. Kutoka tarehe 11 hadi 30 Juni, siku ya mwisho ya kuuza C, ni siku 20, yaani vikombe 400. Vikombe 20 vya C vingezidi. Agizo lenyewe lilikuwa kubwa kwa karibu katoni 2, na hilo hakuna mpangilio wa rafu ungeliponya. Aliyeagiza aliitazama namba ya jumla, akaona stoo inapungua.

Yaliyobaki kuwa magumu

Mwezi wa kwanza wa kisomeo cha mlangoni ulitupa tofauti mpya. Daftari lilisema katoni 3 za bechi fulani zimetoka, kumbe imetoka moja tu, na mbili za bechi nyingine zilitoka bila kusomwa. Kijana alikuwa akisoma katoni ile ile mara tatu kwa sababu mikono ilikuwa imejaa na katoni ya juu ndiyo iliyokuwa rahisi. Mashine haikuwa na namna ya kujua, kwa kuwa katoni za bechi moja zina msimbo unaofanana. Tuliweka rafu ndogo mlangoni ya kutua mzigo, na mfumo ukaanza kutaka sekunde chache kati ya usomaji na usomaji. Haikuondoa yote.

Kwa ajili hiyo tuliongeza hesabu ya bechi, siyo ya jumla, mara mbili kwa wiki. Si bechi zote. Anayehesabu anapewa karatasi isiyo na namba za mfumo, anaandika anachokiona katika bechi mbili zinazowahi kuisha, halafu anapita nyuma kabisa ya chumba na kuandika kila tarehe anayoiona pale, iwe ipo kwenye orodha au haipo. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo muhimu. Ukimpa orodha ya bechi za mfumo azihakiki, hatawahi kukutana na bechi ambayo mfumo unaiita sifuri. Kama wangefanya hivi asubuhi ya tarehe 12 Juni, wangekuta A 40 badala ya 160, na B 120 badala ya sifuri, wakiwa na siku nne za kuuza B bila kugusa zile siku 3 za mwisho.

Ufunguo wa kila mstari tuliuweka kuwa bidhaa, bechi na tarehe kwa pamoja, baada ya kuona msambazaji mmoja akirudia namba za bechi. Na bechi mbili zenye tarehe moja hatuziunganishi hata kama inaonekana ni usumbufu, maana kiwanda kikiita bechi irudishwe, kitaiita kwa namba yake.

Kuhusu friji ya mauzo, bado wateja wanaingiza mkono hadi nyuma na kuchukua kikombe chenye tarehe ya mbali. Siwalaumu, hata mimi hufanya hivyo. Sasa katoni ya bechi mpya haifunguliwi hadi ya zamani ibaki vikombe vinne au pungufu ndani ya friji, na hivyo vinne hupelekwa karibu na kaunta ya malipo.

Mara ya mwisho nilipopita, mtunza stoo alinionyesha kumbukumbu za mlangoni. Katika wiki mbili, ukiukaji ulioandikwa ulikuwa saba. Sita kati yake ni wa siku mzigo ulipofika. "Kaka, hapa tatizo si vijana," akasema, "ni ile saa ya gari." Tukaenda kupima upana wa mlango.